Usimkalishe mwizi wa karafuu na mwizi wa simu benchi moja

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya kurekebisha vijana waliotenda makosa, hapa Wete, Pemba, nilipewa darasa la vijana kumi na wanane. Baadhi walikuwa wametoka Chuo cha Mafunzo, wengine waliletwa na masheha baada ya kesi kumalizwa kifamilia. Kwa wasomaji wa Bara: sisi jela tunaiita Chuo cha Mafunzo, na aliyemo ndani ni mwanafunzi. Jina zuri, ila linakuachia swali moja gumu: mwanafunzi huyu anasomeshwa nini hasa?

Mimi niliwasomesha wote kitu kimoja. Jumanne na Alhamisi, saa mbili kila siku, wiki kumi na mbili. Cherahani, mawaidha kidogo, na mazungumzo juu ya maisha. Mahudhurio yalikuwa mazuri, vyeti vikatolewa, picha zikapigwa, na waliotoa fedha wakafurahi.

Benchi la nyuma walikaa wawili. Wa kwanza alikuwa na miaka kumi na tisa. Kosa lake ni pishi tatu za karafuu kavu alizozoa kwenye jamvi la jirani wakati wenyewe wamekwenda kusali. Hakuwa na kosa jingine kabla ya hapo. Wa pili, miaka ishirini na nne, alianza kukamatwa akiwa na kumi na nne, ameshaingia Chuo mara tatu, anaiba simu, anavuta unga. Wiki ya sita nikamwona wa karafuu ana viatu vipya. Nikampongeza! Miezi miwili baada ya vyeti walikamatwa pamoja gatini na mfuko wa simu. Sheha wake akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Mwalimu, mtoto huyu kabla ya darasa lako alikuwa hamjui yule."

Aliyonifundisha sheha siku ile yameandikwa zamani. Mwaka 1974 Mmarekani Robert Martinson alitoa tathmini ya programu za urekebishaji ambayo watu waliisoma kama hukumu kwamba hakuna kinachofaa kitu. Mwenyewe alilegeza msimamo huo mwaka 1979, lakini serikali nyingi zilikuwa zimeshafurahia kuambiwa zisihangaike. Waliojibu kwa nguvu zaidi ni wanasaikolojia wa Kanada. Mwaka 1990 Donald Andrews, James Bonta na Robert Hoge waliweka kanuni tatu: hatari, haja na mwitikio. Hatari inakwambia umshughulikie nani na kwa kiasi gani. Haja inakwambia ushughulikie kitu gani kwake. Mwitikio unakwambia umfundishe kwa namna gani mpaka imwingie.

Kanuni ya hatari ndiyo iliyoniangusha mimi, na ndiyo watu wanayoikataa zaidi, kwa sababu inakwenda kinyume na huruma zetu. Inasema nguvu zako zipeleke kwa anayeelekea zaidi kurudia kosa, na yule mwenye hatari ndogo mguse kidogo tu kisha umwache. Ukimtia wa hatari ndogo kwenye programu nzito, unafanya mambo mawili mabaya kwa pamoja. Unamkutanisha na wakubwa zake katika uhalifu, na unamtoa kwenye vile vilivyokuwa vinamshika: ngalawa ya mjomba, skuli, chuo cha Kurani kwa maalim. Huko Ohio, Marekani, ilipochunguzwa kwenye nyumba za marekebisho, wa hatari ndogo waliopitishwa humo walitoka wakirudia makosa zaidi kuliko wenzao ambao hawakupitishwa.

Sasa tuwapime vijana wangu wawili jinsi nilivyopaswa kuwapima mwanzo. Maeneo ya kuangalia ni manane: historia ya makosa, tabia ya pupa na kutojali, fikra zinazohalalisha kosa, marafiki, familia au ndoa, skuli na kazi, ulevi, na namna mtu anavyotumia muda wake wa bure. Mahojiano mazuri yanachukua saa moja hadi moja na nusu, na unayoambiwa unayahakikisha kwa mtu wa pili, iwe mama, sheha au faili. Hiyo hatua ya mtu wa pili usiiruke. Kijana wa simu aliniambia ameacha unga mwaka mzima. Dada yake alicheka tu.

Wa karafuu: kosa moja, si mtu wa pupa, analia akilizungumza kosa lake, marafiki zake wavuvi, anaishi kwa bibi anayemjali, hatumii kilevi chochote, jioni yuko chuoni kwa maalim. Tatizo lilikuwa kazi tu, kwa sababu msimu wa kaskazi wavuvi walikaa bila kwenda baharini. Eneo moja katika manane. Wa simu: la familia nililitilia shaka, maana dada alikuwa bado anamtaka, lakini saba yaliyobaki yote yaliwaka. Nilipomuuliza kuhusu aliowaibia alijibu, "Mwenye simu ya laki sita hafi kwa kukosa simu." Sentensi hiyo ni dalili kubwa kuliko kukosa kazi. Mpe cherahani mtu mwenye fikra hiyo na utapata fundi cherahani anayeiba simu.

Hapo ndipo kanuni ya haja inapoingia. Katika yale manane, historia haibadiliki, kilichotokea kimetokea. Saba yaliyobaki yanabadilika, na manne ya kwanza kwenye orodha ndiyo yaliyohesabiwa kuwa na uzito zaidi. Lakini programu zetu nyingi zinashughulikia vitu vingine kabisa: kujiamini, huzuni, afya ya jumla. Mtu ana haki ya kusaidiwa hayo, sisemi yaachwe. Nasema ukimwongezea kujiamini mwizi bila kugusa fikra na marafiki, utampata mwizi anayejiamini.

Awamu ya pili tuliwahoji kumi na wanane wapya kabla ya kuanza. Saba wakatoka hatari ndogo, sita ya kati, watano ya juu. Wale saba hatukuwapa darasa. Kila mmoja tulikaa naye mara moja na familia yake, akapanga na sheha namna ya kumlipa aliyemkosea, basi. Mfadhili alinuna, kwa sababu idadi ya "waliofikiwa" ilishuka. Wa kati na wa juu tuliwatenganisha siku.

Kuhusu kiasi, kipimo kinachotumika sana ni kama saa 100 kwa wa kati, na 200 au zaidi kwa wa juu. Darasa langu la kwanza lilikuwa saa 48. Kwa wale watano tulifanya saa tatu, siku tatu kwa wiki, wiki ishirini na nne: saa 216. Kwa bajeti yetu hiyo ina maana ya watu wachache, na hakuna njia ya mkato.

Ndani ya saa hizo tulifanya nini? Kwa sehemu kubwa, mazoezi. Nina heshima kubwa kwa mawaidha, na maalim aliendelea kuja, lakini kusikia kwamba jambo ni baya si sawa na kuweza kulikataa saa nne ya usiku rafiki anapokupigia honi. Kwa hiyo tuliigiza honi hiyo. Mmoja anakuja na Vespa ya kufikirika, anasema, "Twende mara moja tu." Mwingine anajibu. Mara ya kwanza kila mtu anajibu kama khatibu, na darasa linacheka. Tunarudia: sema kwa kifupi, toa sababu ambayo haimtukani mwenzako, ondoka. Kisha mwenye Vespa anaongeza nguvu: anamtaja mama yako, anakuita mwoga, anakuonyesha noti. Mara ya saba au ya nane ndipo jibu linaanza kutoka lenyewe.

Kanuni ya mwitikio nilijifunza kwa kijana mmoja aliyekuwa akisema kila siku kwamba amesahau miwani. Miaka ishirini na sita, miwani hana wala hajawahi kuwa nayo. Nilikuwa nikigawa karatasi za kujaza kurasa tatu, naye herufi za Kiswahili zinamshinda, ingawa msahafu anausoma vizuri. Siku ya nne hakuja. Tangu hapo karatasi tumeziweka kando, tunatumia kete za bao. Kila kete ni hatua moja kabla ya kosa: kuamka bila kazi, kwenda maskani, kukuta fulani yuko pale, kuvuta, kuona simu imeachwa kaunta. Anazipanga mwenyewe, kisha namwuliza aondoe moja ambayo angeweza kuiondoa siku ile. Karibu wote hugusa kwanza kete ya mwisho. Kazi yetu ni kuusogeza mkono nyuma, mpaka kwenye ile ya kwenda maskani.

Na mwenye arosto hafundishiki. Apelekwe kwa daktari au soba hausi kwanza. Wenzetu wa Unguja wenye vijana wanaokunywa methadoni Kidongo Chekundu wajue kwamba dozi ni ya kila siku na kwa kawaida inanywewa mbele ya mhudumu. Darasa likigongana na saa ya dozi, darasa ndilo litakalokimbiwa.

Dalili ya kwanza kwamba programu imeharibika, nionavyo mimi, ni mahudhurio mazuri kupita kiasi. Wa hatari ndogo ni watiifu, wanakuja bila kukosa. Wa hatari ya juu wanakatika wiki ya pili, na aliyeanza akakatika mara nyingi huishia vibaya kuliko hata ambaye hakuanza. Basi usihesabu vyeti. Hesabu waliokatika kwa kila daraja la hatari, ufuatilie waliorudi Chuo ndani ya miaka miwili.

Vipimo hivi vimetengenezwa kwa watu wa Kanada, tusisahau. Suala la muda wa bure lilinisumbua sana: fomu inamhesabia mtu doa asipokuwa na shughuli ya kupangwa, wakati kijana wa Pemba anayekaa barazani na wazee kila jioni yuko mahali pazuri kuliko wengi. Mipaka ya alama, nani wa kati na nani wa juu, nayo ni ya kwao mpaka tutakapowafuatilia watu wetu na kuhesabu wenyewe. Na alama isiende kwa hakimu kumwongezea mtu kifungo. Mimi huitumia kupanga kazi yangu tu.

Kijana wa karafuu sasa yuko Mkoani, anavua na mjomba wake. Nilikwenda kumtaka radhi kwa benchi lile. Alinipa changu wanne, akasema nisije tena na karatasi.