Usiweke kikomo cha majaribio kwenye wastani

Niliwahi kuandika programu ndogo ya kutuma mafaili kwenye mtandao uliokuwa ukikatikakatika. Nilipima nikaona kila jaribio moja kati ya matano hufanikiwa, yaani uwezekano wa 0.2. Nikapiga hesabu: kwa wastani faili litafika kwenye jaribio la 5. Basi nikaiamuru programu ijaribu mara 5, na ikishindwa iachane na faili hilo. Asubuhi nikakuta karibu thuluthi ya mafaili hayajafika. Nusu siku nzima nikawa natafuta kosa kwenye msimbo, kumbe msimbo ulikuwa mzima. Kosa lilikuwa kichwani mwangu.

Wastani wenyewe nilikuwa nimeupata sawasawa. Uite W. Jaribio la kwanza utalifanya vyovyote vile, kwa hiyo hesabu moja. Kuna uwezekano wa 0.8 kwamba litashindwa, na likishindwa umerudi pale pale ulipoanzia, ukiwa na W nyingine mbele yako. Kwa hiyo W = 1 + 0.8W, na W = 5. Kwa uwezekano wowote p, wastani ni 1/p. Huu ndio mgawanyo wa kijiometri: unahesabu majaribio mpaka ufanikiwe mara ya kwanza.

Lakini swali langu halikuwa la wastani. Nilitaka kujua ni mafaili mangapi yatakuwa bado hayajafika baada ya majaribio 5, na hilo ni swali la mkia. Jibu lake ni rahisi kuliko hata la wastani, maana ili uvuke majaribio 5 bila kufanikiwa, sharti yote 5 yashindwe: 0.8 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 5, sawa na 0.328. Hiyo ndiyo thuluthi yangu iliyopotea. Wala si bahati mbaya ya namba nilizokuwa nazo. Uwezekano wa kila jaribio ukiwa mdogo zaidi, kikomo kilichowekwa kwenye wastani huacha takriban asilimia 37 nje.

Kwa hiyo anza na kiasi unachoweza kuvumilia kupoteza. Mimi nilitaka kisizidi asilimia 1. Tafuta n ambayo 0.8^n inashuka chini ya 0.01: gawanya logi ya 0.01 kwa logi ya 0.8, unapata 20.6, unapandisha hadi 21.

Niliposema 21, mwenzangu alishtuka akidhani mtandao utalemewa mara nne. Nilimwelewa, lakini haiwi hivyo, kwa sababu faili likishafika programu haijaribu tena. Ukiwa na kikomo n, wastani wa majaribio yanayotumika kweli ni (1 − 0.8^n)/0.2. Kwa kikomo cha 5 ni 3.36 kwa kila faili, na kwa kikomo cha 21 ni 4.95. Ongezeko halifiki hata majaribio mawili kwa faili, na upotevu unashuka kutoka asilimia 33 hadi chini ya 1.

Jihadhari na jambo dogo linalokera: baadhi ya programu huhesabu majaribio yote, nyingine huhesabu kushindwa tu kabla ya kufanikiwa. `numpy.random.geometric` inaanzia 1, `rgeom` ya R inaanzia 0. Wastani wa 5 kwenye ya kwanza ni 4 kwenye ya pili.

Hesabu hii yote imesimama juu ya sharti moja: uwezekano uwe ule ule kila mara, na jaribio moja lisiathiri jingine. Tuseme nusu ya mafaili ni mepesi, yenye uwezekano wa 0.35, na nusu ni mazito, yenye 0.05. Kwenye jaribio la kwanza utapima 0.2 ile ile na hutashuku chochote. Ila baada ya majaribio 21, mepesi yatakuwa yamekwisha kufika, huku mazito yamebaki kwa wingi. Upotevu wa jumla utakuwa asilimia 17, si 1.

Namna ya kulinasa hili ni kuchukua mafaili yaliyokwisha kushindwa mara 10 na kuangalia jaribio lao la 11. Mgawanyo wa kijiometri hauna kumbukumbu, kwa hiyo kama sharti linatimia, faili lililoshindwa mara 10 bado lina 0.2 yake kamili. Kwenye ule mchanganyiko wa mepesi na mazito utakuta karibu 0.057. Ukiona namba inaporomoka hivyo, kuongeza kikomo kutakusaidia kidogo tu. Yatenge yale mazito na uyapimie uwezekano wake peke yake. Kwa 0.05, kufikisha upotevu wa asilimia 1 kunadai majaribio 90, na hapo ni heri ukayakata vipandevipande kabla ya kuyatuma.