Kidole cha mume kwenye simu yenye hela za kikoba

*Shikamoo shangazi. Naishi Tabata, nauza vitenge Kariakoo, na ni mweka hazina wa kikoba chetu cha akina mama. Mwezi uliopita nilijifungua kwa upasuaji, simu akabaki nayo mume wangu. Usiku ikaisha chaji. Alipoichaji na kuiwasha alinigusisha kidole nikiwa bado na usingizi wa dawa, simu ikakataa, ikataka pateni. Watu walipopiga akawa anaona namba tupu bila majina. Sasa anataka tuweke na kidole chake. Namwamini, ni fundi ujenzi, mtu wa kazi na nyumbani. Ila hela za kikoba zinapita kwenye simu hiyo, nina aplikesheni ya benki na ya M-Pesa. Nikimkatalia ataona namficha kitu. Nifanye nini?*

*Mama Pacha, Tabata*

Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa uzazi. Pole na kidonda.

Tuanze na usiku ule, maana mumeo anaamini kidole chake kingemsaidia. Kisingemsaidia. Simu ya Android ikizimika na kuwashwa upya haipokei alama ya kidole cha mtu yeyote mpaka kwanza iwekewe pateni au namba ya siri. Kabla ya hapo vitu vyake vingi vya ndani, pamoja na orodha ya majina, bado vimefungwa, na ndiyo maana aliona namba tupu. Hata isipozimika, kila baada ya saa 72 inakudai pateni hiyohiyo. Kwa hiyo tatizo la usiku ule lina dawa yake, nitaifikia. Tukizungumzia kidole, tunazungumzia siku za kawaida: unaoga, mteja anapiga, au mtoto yuko mikononi na unataka mumeo asome meseji ya kliniki. Kwa hayo kidole kinafaa, na mimi nakubali akiweke. Lakini usikiweke leo. Kuna kazi ya kufanya kwanza.

Simu yako haijui watu, mwanangu. Inajua vidole vilivyosajiliwa, na vyote kwake ni mwenye simu. Ukikipa kidole cha mumeo jina lake kwenye orodha, jina hilo ni la kukusaidia wewe kukumbuka tu. Hakuna mahali pa kuiambia simu kwamba kidole hiki kiishie kwenye kupiga na kupokea. Kinachofunguka kwa kidole chako kitafunguka kwa chake: picha, meseji, nywila ulizohifadhi kwenye Google, hata WhatsApp uliyoiwekea kufuli ya kidole, kwa sababu kufuli hiyo inasoma vidole vilevile vya simu. Kinamama wanaokuandikia kwamba wamekwama marejesho wanadhani wanakuandikia wewe peke yako.

Sasa hela. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, tena bila kujua. Aplikesheni ya benki iliyotengenezwa vizuri ikigundua kidole kipya kimeongezwa kwenye simu, inakataa vidole vyote na kudai nywila. Unaweza kudhani imeharibika. Haijaharibika, inakulinda. Tatizo linakuja unapoweka nywila, halafu inakuuliza kama unataka kuendelea kuingia kwa kidole, nawe unagusa ndiyo kwa mazoea. Kuanzia dakika hiyo umeidhinisha vidole vyote vilivyomo, na cha mumeo kikiwemo. Na aplikesheni ambayo haikutengenezwa kwa uangalifu huo haitauliza chochote. Itampokea tu.

Utaniambia mume wangu si mwizi. Nakubali, na simsemi kwa wizi. Fikiria hivi. Siku moja kwenye hesabu za kikoba inapungua laki mbili. Benki ikivuta taarifa, muamala utasomeka umefanywa na wewe, kwa simu yako, kwa alama ya kidole. Haitasema kidole cha nani. Kinamama watauliza nani mwingine anafungua simu hiyo, na utalazimika kumtaja. Hapo yeye hana namna ya kujisafisha, na wewe huna namna ya kumtetea, hata kama kosa lilikuwa la karani wa hesabu. Hilo ndilo la kumwambia mwenzako mkikaa kuzungumza. Mwambie hizi hela si zetu, na sitaki jina lako liingie kwenye hela za watu. Mwanaume mwenye busara atalipokea, kwa sababu unamlinda na yeye.

Basi fanya kazi kwa mpangilio huu. Kabla ya kidole, ingia kwenye aplikesheni ya benki, nenda kwenye mipangilio yake, zima kuingia kwa alama ya kidole. Fanya hivyohivyo kwenye aplikesheni ya M-Pesa. Kuanzia hapo zote mbili utaingia kwa namba ya siri, na hiyo ibaki kichwani mwako tu. Ukipiga *150*00# hakuna shida ya kidole, menyu ile inataka namba ya siri siku zote. Halafu pekua simu. Kama namba hizo za siri umeziandika kwenye kumbukumbu, au umejitumia mwenyewe kwa meseji, au zimo kwenye picha ya karatasi uliyoipiga, zifute. Na kama uliwahi kuiruhusu simu ihifadhi nywila ya benki, ifute huko pia, kwa sababu Google hukuonyesha nywila zilizohifadhiwa ukigusa kidole. Kwa maongezi ya kikoba kwenye WhatsApp, yafunge kwa "Chat lock" kisha uweke "Secret code", ambayo ni neno unaloliandika na halitegemei kidole.

Hapo sasa mwite mzee. Fungua "Settings", nenda sehemu ya usalama, kisha "Fingerprint". Simu itadai pateni yako kabla ya kuruhusu kidole kipya. Ichore wewe, usimtajie. Hii si dharau, nitakueleza hapo chini kwa nini. Mumeo ni fundi, na saruji hula mistari ya vidole. Dole gumba na kidole cha shahada vya mkono wa kazi huenda vikasajiliwa leo na kesho vikakataa. Achague kidole kinachoshika kazi kidogo, kama cha pete cha mkono wa kushoto, aoshe mikono na aikaushe vizuri. Akiguse kwa katikati, kisha pembeni, kisha ncha, mpaka simu iseme imetosha. Wewe usimsaidie kwa kuchomeka kidole chako katikati ya zoezi, kwa sababu mnaweza kuishia na alama moja yenye watu wawili, na siku ya kufuta utafuta na chako. Mkimaliza, ipe alama hiyo jina lake.

Usiishie hapo. Mpe simu ikiwa imefungwa, aifungue mwenyewe, kisha afungue benki na M-Pesa mbele yako kwa kidole chake. Zote zinatakiwa kudai namba ya siri. Ikiwa hata moja imemkubali, rudi kwenye mipangilio yake, kuna mahali hukuzima. Jaribio hili ni la dakika chache na litawatuliza nyote wawili. Na baadaye, kila aplikesheni ikikuuliza kama unataka kutumia kidole, kumbuka swali hilo linawahusu wawili.

Kuhusu pateni. Mwenye kidole anaingia, lakini hawezi kuongeza kidole kingine wala kubadili kufuli. Mwenye pateni anaweza yote hayo: kuongeza, kufuta cha kwako, kukufungia nje. Tena pateni ni rahisi kuibwa kwa macho, hata mdogo wa mume aliyekuja likizo anaweza kuiona ukichora. Kwa hiyo kidole cha mumeo kina mpaka, pateni haina.

Na usidhani kubadilisha pateni kunaondoa vidole. Nimeshaandikiwa na dada aliyeachana na mwenzake, akabadili namba ya siri ya simu akajiona salama, kumbe kidole cha yule bwana bado kilikuwa kinafungua. Kidole huondoka kwa kukifuta kwenye orodha, na kikifutwa kinakoma papo hapo. Pitia orodha hiyo mara kwa mara. Simu nyingi ukiwa kwenye ukurasa wa vidole ukagusa kisomeo, jina la alama inayolingana linawaka, kwa hiyo unajua ipi ni ya nani. Ukikuta alama ambayo si yako wala ya mumeo, kuna mtu anaijua pateni yako. Ifute alama, badili pateni, kisha uulize nyumbani.

Nigusie na hofu nyingine ninayoisikia, ya kwamba alama ya mume itaishia NIDA au kwa mtandao wa simu. Hapana. Alama ya kusajilia laini na hii ya kufungulia simu hazihusiani. Hii ya simu inakaa kwenye sehemu iliyofungwa ndani ya simu yenyewe.

Turudi kwenye dharura, ile ya usiku wa hospitali. Fungua sehemu ya dharura kwenye mipangilio, mara nyingi imeandikwa "Safety and emergency", weka namba ya mumeo, ya mama yako na ya katibu wa kikoba kama watu wa kupigiwa. Andika humo pia kundi lako la damu na dawa zinazokudhuru. Mtu yeyote, hata nesi, atagusa "Emergency call" kwenye kioo kilichofungwa na kuwaona, bila pateni wala kidole. Jaribu kwanza ukiwa nyumbani uone simu yako inavyoonyesha. Kisha chora pateni kwenye karatasi, iweke kwenye bahasha, ifunge kwa gundi, isaini juu ya mdomo wa bahasha, na uiweke pale mnapoweka cheti cha ndoa. Mumeo ajue ipo. Siku akiifungua kwa shida ya kweli, sawa, ndiyo kazi yake, na ukipona unabadili pateni na kuandika bahasha nyingine. Usiandike namba za benki wala M-Pesa kwenye karatasi hiyo.

Limebaki moja la kikoba. Mkikutana, waambie kinamama mwenyewe kwamba mumeo anaweza kufungua simu yako lakini hafungui aplikesheni za hela, na uwaonyeshe jinsi ulivyozifunga. Wakisema hawataki, wana haki, hela ni zao. Hapo pendekeza hela zihamie kwenye akaunti ya kikundi inayotaka viongozi zaidi ya mmoja waidhinishe kutoa. Kama bado hamjafanya hivyo, ningekuomba ulipendekeze hata wasipolalamika.