Umeifuta vespa, lakini ukuta utatoka wapi?

Juzi kijana mmoja wa Chake Chake alinitumia picha aliyoipiga Mji Mkongwe. Mlango wa nakshi, baraza pembeni, na mbele yake vespa imeegeshwa. Au niseme ilikuwa imeegeshwa, maana yeye kaifuta kwa Photoshop, na pale ilipokuwa pamebaki doa jeupe lenye umbo la vespa, vioo na usukani vyote vinaonekana. Akaniandikia: "Kaka, nimefuta vizuri kabisa, mbona panabaki shimo?"

Swali hili nalijua kwa uchungu. Mwenye nyumba ya wageni mmoja aliwahi kunikata nusu ya malipo kwa hoja kwamba kuondoa kitu kwenye picha ni kubonyeza Delete tu. Picha zangu bado kazitundika ukutani pake, na wageni wanazisifu. Basi nieleze kazi yenyewe ilivyo.

Kamera haikupiga mlango kisha vespa. Imepiga mwanga uliofika kwenye lenzi, na mwanga uliotoka kwenye mlango nyuma ya vespa ulizuiwa na vespa. Kwa hiyo nyuma ya pikseli za vespa hamna mlango uliojificha, hamna kitu. Ukibonyeza Delete kwenye leya iliyofunguliwa, Photoshop inaziondoa pikseli hizo na kukuonesha miraba ya kijivu na nyeupe, ndiyo alama ya uwazi. Ukihifadhi kwa JPEG, ambayo haibebi uwazi, pale panageuka peupe. Ndilo doa la kijana wangu. Programu imetii alichoiambia.

Kujaza ni kazi nyingine: unatengeneza pikseli ambazo hazikuwepo, kwa kuazima za jirani.

Kwa picha hii ningeanza kwa kuirudufu leya, Ctrl+J, asili ibaki salama. Kisha naizungushia vespa Lasso, pamoja na kivuli chake chini. Wengi wanakisahau kivuli, halafu picha inakuwa na kivuli kisicho na mwenyewe. Naupanua mstari kwa pikseli chache kwa Select > Modify > Expand, kwa sababu ukingoni rangi ya vespa imechanganyika na ya ukuta. Ukikata pale pale, unabaki utepe mwembamba unaokusaliti.

Halafu naligawa shimo. Ukuta wa chokaa ni mwepesi: Edit > Content-Aware Fill inapaka kijani maeneo inayoazima, nami naufuta ule kijani juu ya mlango, la sivyo misumari ya shaba itaota kwenye chokaa. Sakafu naimaliza kwa Clone Stamp: nashika Alt, nabonyeza pale ninapoazima, kisha napaka, nikibadili chanzo mara kwa mara ili doa moja lisijirudie.

Mlango ndio mtihani. Nakshi ina mpangilio, na Content-Aware haijui kwamba mnyororo uliochongwa unapaswa kuendelea hadi chini. Inabandika vipande vinavyofanana, na mnyororo unakatika. Hapa vespa imeziba sehemu ya chini ya ubao wa kushoto. Ubao wa kulia uko wazi, basi naunakili, naugeuza kwa Flip Horizontal, nauleta kushoto ya mfaa, ule mhimili wa katikati ya mlango, na kuupachika kwa maski, inayoficha nisichokihitaji. Lakini ukigeuza nakshi umegeuza na jua lake: vivuli vya misumari sasa vinaangukia upande usio wake. Ikiwa jua lilikuwa kali upande mmoja, lazima uvipake upya kimoja kimoja. Saa ya kivuli, mwanga umetawanyika, ugeuzaji huo hautajulikana kirahisi.

Kukagua, iangalie picha ikiwa ndogo, kisha uigeuze kulia kwenda kushoto. Jicho lililozoea linaamka na marudio yanajitokeza.

Na ujazapo, jua kwamba umebuni. Kwa tangazo la nyumba ya wageni sawa. Kwa picha ya kuonesha hali ya jengo kabla ya ukarabati, usiguse: fundi anataka kuona ubao ulivyooza, wala si nakala ya ubao mzima.

Ndiyo maana nabeba tripodi. Napiga vespa ikiwepo, namsubiri mwenyewe aondoke, napiga tena bila kugusa mwanga wala mizani ya rangi. Picha safi naiweka leya ya chini, na hapo kufuta hakuachi shimo, kwa kuwa chini pana mlango wa kweli.

Wewe wa Chake Chake, tafuta kwenye kadi yako picha nyingine ya mlango huo, hata ya pembe tofauti, inayoonesha ubao wa kushoto chini. Ilaze juu ya shimo, uinyooshe kwa Edit > Transform > Distort mpaka mistari ya nakshi ikutane na fremu, ndipo uweke maski. Kama hamna, tumia ubao wa kulia, lakini nitumie kwanza nione vivuli.