Mkeka uliohama mara tatu ndio ulionipa plani ya nyumba

Kuna mdogo wangu mmoja yuko chuo anasomea usanifu majengo mwaka wa tatu, kanitumia meseji wiki iliyopita, "kaka konsepti unaitoaga wapi, mi nakaa na karatasi hadi usiku naishia kuchora mawimbi". Nimecheka halafu nikanyamaza, maana mimi ndo yule wa mawimbi. Prezentesheni yangu ya kwanza kubwa nilichora kuta zimepinda pinda nikaita Wimbi la Bahari, mwalimu akaniuliza swali moja tu mbele ya darasa zima: ukifuta hilo jina, ni ukuta gani utasogea? Sikuwa na jibu. Imepita miaka na bado nikikumbuka masikio yanapata moto.

Sasa mwezi uliopita nimekabidhi nyumba Kigamboni na hii nataka niwaelezee vizuri, kwa sababu safari hii ukifuta wazo, plani nzima inabomoka.

Kiwanja mita 20 kwa 30, barabara iko magharibi, nyuma upande wa mashariki kuna mwembe mkubwa. Familia ilikuwa inakaa kwenye kibanda hapohapo. Siku ya kwanza nilifanya kama wengi, nikapima, nikapiga picha, nikaondoka na dakika 40 zangu. Sikupata kitu. Nikarudi nikakaa kutwa nzima, saa moja asubuhi mpaka jua linazama, na daftari tu. Asubuhi mama mwenye nyumba alitandika mkeka mbele ya kibanda, upande wa barabara, anauza vitumbua, kivuli cha kibanda kinamwangukia pale. Saa tano kivuli kikaisha, akahamia ndani karibu na mlango, milango yote miwili wazi upepo unapita. Saa tisa mkeka ukaenda nyuma, mashariki, wasichana wanasukana na yeye anapeta mchele. Mkeka ule ule, mara tatu. Nikaandika mstari mmoja: nyumba iufuate mkeka.

Hapo ndo watu wengi wanapokwama, wanaliandika wazo juu ya karatasi kwa herufi nzuri halafu wanarudi kuchora nyumba ileile waliyoizoea. Mimi kila nilipoweka ukuta nilijiuliza saa hii mkeka uko wapi. Kwa hiyo nikapata baraza ya asubuhi magharibi, ukumbi wa mchana katikati unaotoboa nyumba toka mbele hadi nyuma, na baraza ya alasiri mashariki. Mlango wa nyuma unatazamana na shina la mwembe, msingi nimeuacha mita 5 toka kwenye shina. Kusi inatoka kusini mashariki, kaskazi kaskazini mashariki, zote mbili zinaifikia ile baraza ya nyuma na kuingia ukumbini. Nilipomaliza skechi nikashtuka, ni mpangilio wa nyumba za Kiswahili za Kariakoo, ukumbi katikati vyumba huku na huku! Sikuiga, mkeka ndo umenifikisha.

Upana wa baraza nao umetoka palepale. Mazoea yetu ni mita 1.5, lakini nilimpima mama akiwa amekaa kanyoosha miguu, toka mgongo hadi kisigino kama mita moja, bado mtu apite na ndoo. Nikaweka 2.4.

Ugomvi ulikuja kwenye jua la magharibi. Baba alitaka sebule yenye madirisha makubwa itazame barabara, na paa litoke mita 2 eti litazuia jua. Nikamchorea ukutani kwa chaki: saa kumi na moja jioni jua liko chini sana, kama digrii 20, hilo paa la mita 2 linakinga sentimita 70 za juu tu, kwingine kote jua linaingia. Kaskazini na kusini sentimita 90 zinatosha dirisha la kawaida kwa sababu jua la mchana kwetu liko juu, magharibi ni vita nyingine. Basi vyoo na stoo vikaenda magharibi, pembeni mwa baraza, ambayo jioni hakuna anayeikalia hivyo haina haja ya kukingwa. Sebule ikarudi mashariki. Chumba cha masta kikapoteza kona yenye upepo, na baba hakunisemesha siku nne.

Jamani wazo lisilokunyima kitu bado ni jina tu. Langu lilininyima sebule ya mbele na kona ya masta, ndo nikajua liko hai. Kuna mwenzangu wa kazi alisema mbele ya watu kwamba mkeka sio konsepti. Iliniuma, sifichi.

Jumamosi nimepita saa kumi bila kupiga simu. Mbele hakuna mtu. Nikapita ukumbini hadi nyuma, mkeka uko barazani, na baba mwenyewe kalala juu yake, redio kifuani.