Mashua kali, mchanga wenye ukungu

*Nimetumiwa picha ya mashua inayouzwa, eti iko ufukweni Bagamoyo. Yenyewe inaonekana vizuri, nyuma kuna ukungu. Imebandikwa?*

Ukungu wa nyuma pekee si ushahidi, ndugu. Lenzi iliyofunguliwa sana huuleta. Kuza picha pale mkuku unapogusa mchanga. Vitu vilivyo umbali mmoja na kamera hupata ukali uleule, kwa hiyo ukiona misumari ya mbao waziwazi, mchanga wa ubavuni nao uonyeshe chembe, kisha ufifie taratibu kuelekea nyuma. Mchanga huo ukiwa na ukungu hapohapo, shuku.

Ila simu zinazotia ukungu kwa programu hukosea, hasa kwenye kamba za tanga. Basi omba picha ya kawaida, bila ukungu huo, iliyopigwa ubavuni. Arubuni usitume kabla hujaiona mashua yenyewe.