Salamu ni kwa Kila Mtu, Utambulisho Una Masharti Yake

Swali la wiki: "Ukimwona mtu ameketi peke yake kwenye sherehe, unamwendea ukamsalimu na kumtambulisha kwa wengine, au unamwacha alivyo?"

Mhariri,

Ninaishi Mamboleo, Kisumu, na hapa kwetu mgeni akiondoka bila kusalimiwa aibu humwangukia mwenye boma. Kinachoniumiza mimi si uhaba wa watu wa kusalimu, bali wingi wa watambulishaji wabaya. Humshika mgeni mkono kabla hajamaliza soda yake, wakamsimamisha mbele ya meza iliyojaa watu, wakataja majina yote kwa mpigo kisha wakaondoka. Mgeni hubaki wima bila kiti, hakumbuki jina hata moja, na wenye meza wanarudi kwenye Kidholuo chao. Upweke ambao hakuna aliyeuona sasa unaonekana na kila mtu.

Niliiona kazi hii ikifanywa ipasavyo mwishoni mwa mwaka 2022, katika sherehe ya binti wa jirani yetu aliyehitimu chuo kikuu. Kwenye hema la nyuma, karibu na sufuria za pilau, alikuwa ameketi mama mmoja aliyeukumbatia mkoba wake na kusoma upya kadi ya mwaliko. Shangazi yangu hakuzungumza naye akiwa amesimama. Alivuta kiti cha plastiki, akakaa ubavuni mwake badala ya kumkabili, akampa mkono na kujieleza yeye kwanza: kwamba anaishi nyumba ya pili kutoka barabarani, na kwamba amemlea binti huyo tangu akiwa mdogo. Ndipo akamuuliza amekuja na nani. Hakumuuliza kwa nini amekaa peke yake, kwani swali hilo humfanya mtu ajitetee.

Yule mama alisema alimfundisha binti huyo shule ya upili huko Nakuru, na kwamba hamjui mwingine yeyote pale. Shangazi hakukimbilia kumtambulisha. Aliendelea kuzungumza naye hadi ikajitokeza kwamba amehamishiwa Kisumu na anatafuta nyumba ya kupanga. Hapo ndipo alipopata pa kuanzia. Akamwambia, "Mwalimu, yuko mwalimu mwenzako kwenye hema la mbele, naye alihamia hapa si zamani. Twende kwake, au nimwite aje tuketi naye hapa?" Mgeni alichagua aitwe. Alipofika, shangazi aliwatambulisha kwa Kiswahili, akataja kazi yao na suala la nyumba, basi. Hakuondoka papo hapo. Alisubiri mpaka akawasikia wakiulizana wenyewe kuhusu kodi na maji ya mfereji, kisha akaenda kusaidia kupakua chakula.

Siku hiyohiyo alimwendea pia mwanamume aliyekaa chini ya mwembe, kiti chake kikiwa kimelipa hema kuu mgongo. Alijibu salamu kwa heshima, lakini kwa ufupi. Alipoulizwa amekuja na nani, alisema, "Mama, mimi nimeoa katika boma hili." Shangazi hakutaja utambulisho tena. Mama mkwe wa mtu huyo alikuwa ameketi kwenye hema kuu, na kwa Waluo wanaoshika mila, mkwe wa kiume hukaa mbali na mama mkwe wake wala hali chakula mbele yake. Kumwinua pale na kumzungusha kwenye hema kwa nia njema kungewafedhehesha wote wawili. Shangazi aliwaagiza vijana wampelekee sahani yake palepale chini ya mwembe, pamoja na maji ya kunawa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba hakuna mgeni anayepaswa kuachwa peke yake. Sasa naona msimamo huo ni mkali mno. Kusalimu, ndiyo, kila mtu na bila kubagua. Kutambulisha ni pale tu mtu anapokuwa ameeleza amekuja na nani, nawe umepata mtu mmoja, si meza nzima, mwenye jambo la kuzungumza naye katika lugha wanayoielewa wote wawili. Akijibu kwa neno moja moja bila kukuuliza lolote, au macho yake yakirudi kwenye simu kila unaponyamaza, mwonyeshe mahali ulipoketi kisha umwache. Vilevile, ikiwa aliye peke yake ni msichana na wewe ni mwanamume usiyefahamiana naye, ni heri umtume dada yako au mke wako. Hata salamu njema inaweza kumtia wasiwasi. Matangani sina hakika kwamba haya yote yanafaa, kwa kuwa huko wapo wanaojitenga ili walie, na mimi huwapa mkono wa pole tu nikapita.