Apu zilizokuwa zikinilia bajeti, na namna nilivyozigundua

Mwezi wa kwanza nilipopewa kampeni ya matangazo ya picha, nilifurahia ripoti isiyo sahihi. Tulikuwa tunatafuta watu wa kujisajili kwenye kozi ya mtandaoni. Tulitumia dola 600, tukapata mibofyo 3,800, na waliojisajili walikuwa 24. Kila mmoja alitugharimu dola 25. Mibofyo ilikuwa mingi kiasi kwamba nilidhani kasoro iko kwenye fomu yetu ya usajili, nikapoteza wiki nzima nikiibadilisha. Fomu haikuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa mahali matangazo yalipotokea, na sikuwa nimepaangalia hata mara moja.

Ukitumia Google Ads, habari hiyo iko kwenye ripoti iitwayo `Where ads showed`. Kila mstari ni tovuti, apu au video moja iliyobeba tangazo lako. Nilipoifungua nikakuta mistari karibu 1,900, na nusura niifunge papo hapo. Kilichoniokoa ni kuacha kusoma mstari mmoja mmoja. Niliipakua ripoti, nikaigawa mafungu mawili, apu upande mmoja na tovuti upande wa pili, kisha nikajumlisha.

Apu zilikuwa zimekula dola 270, zikaleta mibofyo 2,700 na mtu mmoja tu aliyejisajili. Tovuti zilitumia dola 330, zikaleta mibofyo 1,100 na watu 23. Kwa hiyo karibu nusu ya bajeti ilikuwa imenunua usajili mmoja.

Sasa sikiliza lililonipotosha. Nilikuwa nimeshaongeza safu za `Active View`, zile zinazopima kama tangazo lilionekana kweli kwenye skrini. Kipimo kinachotumika kwa matangazo ya picha ni hiki: angalau nusu ya eneo la tangazo iwe ndani ya skrini kwa sekunde moja mfululizo. Kwa video ni sekunde mbili. Kwenye apu, kiwango cha kuonekana kilikuwa asilimia 91. Kwenye tovuti kilikuwa asilimia 58. Anayetazama safu hiyo peke yake angezifukuza tovuti na kuzibakiza apu.

Lakini fikiria tangazo linavyokaa ndani ya apu ya mchezo. Limeganda chini ya skrini, au linafunika skrini yote mchezaji anapomaliza hatua, na alama ya kulifunga ni ndogo kuliko ncha ya kidole. Bila shaka limeonekana, na limebofywa pia. Ila aliyebofya alikuwa anataka kurudi kwenye mchezo wake. Ushahidi niliupata kwenye takwimu za ukurasa wetu wenyewe: waliotoka kwenye apu walikaa wastani wa sekunde 2, waliotoka kwenye tovuti sekunde 47. Tangu siku hiyo, nikiona mahali penye kiwango cha juu cha kuonekana, mibofyo mingi kupita kawaida, na muda wa kukaa usiotosha hata kusoma kichwa cha habari, najua pesa inavujia hapo.

Nikafanya kosa la pili. Kwa hasira nilizima simu zote kwenye kampeni, nikidhani nimezima apu. Simu na apu si kitu kimoja. Kati ya wale 23 waliotoka kwenye tovuti, 14 walikuwa wanasoma kwa simu, na kwa siku nne nikawa nimewafungia mlango. Njia sahihi ni kuondoa apu zenyewe. Katika Google Ads Editor unaongeza msimbo huu kwenye maeneo hasi ya kampeni, yaani mahali usipotaka tangazo litokee, nao unashika kundi lote la apu:

```
mobileappcategory::69500
```

Ikiwa unachouza ni mchezo au apu, usifanye hivyo, maana wateja wako wako humo humo. Hapo kagua apu moja moja.

Upande wa tovuti kazi ni ya taratibu zaidi, na wengi hukosea kwa haraka. Tovuti yenye mibofyo mitano bila usajili haijathibitisha chochote. Kwetu, kati ya mibofyo 1,100 walijisajili 23, yaani mmoja katika kila mibofyo 48 hivi. Tovuti iliyoleta mibofyo 48 bila mtu inaweza kuwa na bahati mbaya tu. Jambo hilo hutokea zaidi ya mara moja katika tatu hata kama tovuti ni nzuri. Mimi husubiri mara tatu ya idadi hiyo, yaani mibofyo 144 au zaidi. Ikifika hapo bila mtu hata mmoja, nafasi ya tovuti nzuri kukosa watu kwa bahati mbaya tu imeshuka hadi karibu asilimia 5, na ninaiondoa bila kusita.

Tovuti moja ilivuka kipimo hicho kwa mbali: dola 62, mibofyo 210, usajili sifuri, kiwango cha kuonekana asilimia 96. Niliifungua kwa simu. Habari moja ilikuwa imekatwakatwa vipande ishirini, kila kipande kina kitufe cha kuendelea, na matangazo yamekizunguka kitufe hicho pande zote. Tovuti za aina hii hujengwa kwa ajili ya kubeba matangazo, msomaji ni kisingizio. Mwaka 2023 chama cha watangazaji cha Marekani, ANA, kilichunguza kampeni za wanachama wake na kukuta tovuti za namna hiyo zikichukua asilimia 15 ya matumizi. Nilipoingiza jina la tovuti hiyo kwenye orodha ya kuzuia, niliandika jina kuu peke yake, bila ukurasa, ili kurasa na matawi yake yote yashikwe.

Je, kiwango cha chini cha kuonekana hakina maana? Kina, lakini inategemea unalipia nini. Ukilipia mbofyo, tangazo lililojificha chini ya ukurasa halikugharimu moja kwa moja. Ukilipia kila maonyesho elfu, linakugharimu sana, na bei iliyoandikwa hukudanganya. Tovuti ya dola 1.20 inayoonekana asilimia 30 inakugharimu dola 4 kwa kila elfu yaliyoonekana kweli. Jirani yake ya dola 2 inayoonekana asilimia 80 ni dola 2.50. Gawanya bei kwa kiwango cha kuonekana kabla ya kusema ipi ni rahisi. Tazama pia ni maonyesho mangapi yaliyoweza kupimwa. Kiwango kilichotokana na sehemu ndogo ya maonyesho usikiamini.

Mwezi uliofuata, kwa dola 600 zile zile, walijisajili watu 39, kila mmoja kwa dola 15 na senti kadhaa. Nilitarajia zaidi, kwa sababu tovuti zilizobaki zilikuwa zimetugharimu chini ya dola 12 kwa mtu. Nilisahau kwamba pesa iliyotoka kwenye apu haikai bure. Mfumo unaipeleka kwenye tovuti mpya ambazo hujawahi kuzipima. Wiki ya pili nilikuta majina matatu mageni, yenye sura ile ile ya vipande ishirini na kitufe kile kile. Ndiyo maana kila Jumatatu naifungua ripoti ya siku saba, naipanga kwa gharama kutoka kubwa kwenda ndogo, na kuzifungua kwa simu tovuti kumi za juu ambazo sikuziona wiki iliyotangulia.